Volti ya Pembeni: Sumaku Inavyotaja Wachukuzi wa Umeme

Ukipitisha umeme kwenye waya na ampeamita ikaonyesha ampea 5, umejua jambo moja tu: kila sekunde kiasi fulani cha chaji kinavuka hapo. Hujui kimebebwa na nani. Huenda ni chembe chache zinazokwenda mbio, huenda ni chembe nyingi mno zinazojikongoja. Huenda ni chembe zenye chaji chanya zinazoelekea kulia, au zenye chaji hasi zinazoelekea kushoto. Ampeamita haitofautishi, kwa sababu chaji hasi ikienda kushoto na chaji chanya ikienda kulia, hesabu ya mkondo ni ile ile. Ndiyo maana watu walitumia umeme kwa miongo mingi, wakatuma simu za maandishi kuvuka bahari, bila mtu kujua ni kitu gani hasa kinachotembea ndani ya waya.

Kipimo kinachojibu maswali hayo mawili, wachukuzi wa chaji ni wa aina gani na ni wangapi, hakihitaji kukata waya wala kuuyeyusha. Kinahitaji ukanda mwembamba wa kitu unachotaka kukichunguza, betri, sumaku yenye nguvu na voltimita nyepesi ya kuhisi. Unapitisha mkondo kwa urefu wa ukanda, unaelekeza sumaku ipenye bapa la ukanda kutoka juu kwenda chini, kisha unapima volti si kwa urefu bali kwa upana, kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili. Pasipo sumaku hapapaswi kuwa na kitu. Sumaku ikiwekwa, volti ndogo inajitokeza pembeni.

Aliyeiona kwanza ni Edwin Hall, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1879. Kilichomsumbua kilikuwa ni maneno ya James Clerk Maxwell, bingwa mkubwa wa nadharia ya umeme wa wakati ule, aliyeandika kwamba sumaku inapousukuma waya wenye mkondo, nguvu hiyo inaangukia waya wenyewe, si mkondo uliomo ndani yake. Hall hakukubali. Waya usio na mkondo hausukumwi hata kidogo. Iweje basi mkondo usiguswe? Akamwuliza mwalimu wake, Henry Rowland, ambaye naye alikuwa na shaka kama hiyo na alikuwa amewahi kujaribu bila mafanikio.

Hall alianza kwa kufikiri hivi: kama sumaku inausukumia mkondo upande mmoja wa waya, basi njia itakuwa imebanwa na ukinzani utaongezeka. Akapima ukinzani kwa uangalifu mkubwa, asione badiliko lolote. Wengi wangeishia hapo na kusema Maxwell alikuwa sahihi. Yeye akajiuliza swali la pili, ambalo ndilo lililompa sifa: huenda mkondo unasukumwa lakini hauna mahali pa kwenda, ukabaki unaegemea ukingo tu. Kuegemea huko kungeonekana kama tofauti ya volti kati ya kingo mbili. Kwenye bamba nene la metali hakuona kitu. Rowland akamshauri atumie ganda la dhahabu, lile jembamba sana la kupambia, lililobandikwa juu ya kioo. Tarehe 28 Oktoba 1879 sindano ya galvanomita ikasogea. Akaigeuza sumaku, sindano ikaenda upande wa pili. Maxwell alifariki Cambridge tarehe 5 Novemba mwaka huo huo, wiki moja tu baadaye.

Kwa nini sindano ilisogea? Chaji yoyote inayotembea ndani ya uga wa sumaku husukumwa kwa ubavu, pembemraba na mwendo wake na pembemraba na uga. Basi wachukuzi wa chaji wanaoingia kwenye ukanda wanaanza kukengeuka kuelekea ukingo mmoja. Hawawezi kutoka nje, hivyo wanarundikana pale, na ukingo wa pili unabaki na upungufu. Mrundikano huo nao unajenga nguvu ya umeme inayowarudisha nyuma wanaokuja. Katika muda mfupi kupita kiasi nguvu mbili zinalingana, ya sumaku ikisukuma huku na ya mrundikano ikisukuma kule, na wachukuzi wanaofuata wanapita moja kwa moja kana kwamba sumaku haipo. Hiyo ndiyo sababu Hall hakuona ukinzani ukiongezeka. Alama pekee inayobaki ni ile volti ya pembeni.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoiona kuwa tamu kuliko zote. Laza ukanda mezani mbele yako, mkondo ukitoka kushoto kwako kwenda kulia, na uga wa sumaku ukishuka kutoka juu kuelekea meza. Tuseme wachukuzi wana chaji chanya. Wanatembea kwenda kulia, na sumaku inawasukuma kuelekea ukingo wa mbali, ule ulio upande wa pili wa meza. Sasa tuseme wana chaji hasi. Kwa mkondo ule ule, hawa wanatembea kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwendo umegeuka, na chaji nayo imegeuka. Mageuzi mawili yanafutana, na sumaku inawasukuma kuelekea ukingo ule ule wa mbali. Wachukuzi wote, wawe wa aina gani, huishia upande mmoja. Kwa hiyo unachotakiwa kufanya ni kuuliza ukingo wa mbali una chaji gani. Ukiwa chanya, wachukuzi ni chanya. Ukiwa hasi, ni hasi. Ampeamita haiwezi kamwe kukueleza jambo hilo, lakini voltimita iliyoshikwa pembeni inakueleza mara moja.

Idadi nayo inatoka kwenye ukubwa wa volti. Mkondo wa ampea 5 unaweza kubebwa na wachukuzi wengi wanaokwenda polepole au wachache wanaokwenda kasi, na sumaku humsukuma kwa nguvu zaidi yule mwenye kasi. Kwa hiyo wachukuzi wakiwa wachache, volti ya pembeni inakuwa kubwa. Wakiwa wengi, inakuwa ndogo. Kanuni yenyewe ni fupi:

V = I·B / (n·q·t)

V ni volti ya pembeni, I ni mkondo, B ni nguvu ya uga wa sumaku kwa tesla, n ni idadi ya wachukuzi katika mita moja ya ujazo, q ni chaji ya mchukuzi mmoja, na t ni unene wa ukanda. Angalia kwamba upana haumo. Ukanda ukiwa mpana, wachukuzi wanapunguza kasi kwa sababu njia imekuwa kubwa, lakini volti inajengeka kwa umbali mrefu zaidi, na mambo hayo mawili yanafidiana. Unene ndio unaohesabika, na ndiyo maana ganda la dhahabu lilimfaa Hall mahali ambapo bamba nene lilishindwa.

Tuanze na shaba. Chukua ukanda wenye unene wa milimita 0.1 na upana wa sentimita 1, pitisha ampea 5, uweke kwenye uga wa tesla 1, ambao ni wa sumakuumeme kubwa ya maabara. Shaba ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²² katika kila sentimita moja ya ujazo, karibu moja kwa kila atomu. Ukifanya hesabu, volti ya pembeni ni takriban sehemu 3.7 za milioni ya volti, yaani maikrovolti 3.7. Na ukitafuta kasi ya elektroni hizo utapata karibu milimita 0.37 kwa sekunde. Taa inawaka papo hapo unapobonyeza swichi, lakini elektroni zenyewe zinasogea kwa kasi ambayo jicho lingehitaji subira kuifuatilia.

Maikrovolti 3.7 ni kidogo mno. Kiungo cha waya kikiwa na joto kidogo kuliko kiungo cha pili, tofauti hiyo ya joto peke yake inaweza kuzalisha maikrovolti kadhaa. Kwa hiyo metali ni shughuli ya mtu mwenye vifaa vizuri. Nusukipitishi, kama silikoni inayotengenezewa vipande vya simu na kompyuta, ni habari nyingine, maana ndani yake wachukuzi ni wachache na volti inakuwa kubwa.

Tufuate kipimo kimoja cha silikoni hatua kwa hatua. Kipande kina urefu wa milimita 15, upana wa milimita 4 na unene wa milimita 0.5. Urefu umezidi upana zaidi ya mara tatu kwa makusudi, kwa kuwa viungo vya metali vya kuingizia mkondo, vikiwa karibu mno na pale unapopimia, vinaiunganisha ile volti ya pembeni na kuiua. Mkondo ni miliampea 1. Uga ni tesla 0.5, kutoka juu kwenda chini. Waya mwekundu wa voltimita umeshikizwa katikati ya ukingo wa karibu, mweusi katikati ya ukingo wa mbali.

Kabla sumaku haijawekwa, voltimita tayari inasoma milivolti 0.26. Anayefanya kipimo hiki mara ya kwanza hudhani kifaa kimeharibika. Hakijaharibika. Waya mbili za kupimia haziko mkabala kabisa; moja imetangulia nyingine kwa milimita 0.1 tu kwa upande wa urefu. Mkondo unapopita kwenye silikoni hii volti inashuka taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande, kiasi cha milivolti 2.6 kwa kila milimita, na kosa lile la sehemu ya kumi ya milimita linaokota milivolti 0.26. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kubandika waya mkabala kwa usahihi wa kutosha kuliondoa kosa hili. Hakuna haja pia.

Weka sumaku: voltimita inasoma milivolti 0.89. Geuza sumaku ili uga upande juu badala ya kushuka: inasoma hasi 0.37. Volti ya kosa haijali sumaku imeelekea wapi, lakini volti ya pembeni ya kweli inageuka alama kila sumaku inapogeuzwa. Basi toa usomaji wa pili kwenye wa kwanza, upate 1.26, gawanya kwa mbili, upate milivolti 0.63. Hiyo ndiyo volti ya Hall. Jumlisha masomo mawili badala ya kuyatoa, gawa kwa mbili, nayo ile 0.26 inarudi kama ilivyokuwa. Ukipata namba tofauti sana na ile uliyoisoma pasipo sumaku, kuna kitu kimesogea au kimepata joto, na kipimo kirudiwe. Watu makini hugeuza na mkondo pia, wakapata masomo manne, kwa sababu volti inayotokana na joto la viungo haifuati mwelekeo wa mkondo na hivyo nayo inajitoa.

Uga ukishuka, volti ya kweli ni chanya kwenye waya mwekundu, maana yake ukingo wa karibu ni chanya na ukingo wa mbali ni hasi. Wachukuzi wote husukumwa ukingo wa mbali. Hivyo wachukuzi ni hasi: silikoni hii imetiwa kitu kama fosforasi, ambacho huiachia elektroni za ziada. Na idadi? Weka namba kwenye kanuni, n = 0.001 × 0.5 / (1.6 × 10⁻¹⁹ × 0.0005 × 0.00063), upate karibu 10²² kwa mita ya ujazo, sawa na 10¹⁶ kwa sentimita ya ujazo. Silikoni ina atomu 5 × 10²² katika sentimita hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, kuna mchukuzi mmoja kwa kila atomu milioni tano. Kwa voltimita na sumaku umehesabu uchafu uliotiwa kwa makusudi, kwa kiwango ambacho mizani yoyote ya kawaida isingeuhisi. Namba hiyo isichukuliwe kuwa kamili hadi tarakimu ya mwisho: jinsi wachukuzi wanavyogongana njiani kunaiyumbisha kwa asilimia kumi au ishirini, kutegemea kitu chenyewe na joto lake.

Sasa rudia kipimo kwa silikoni iliyotiwa boroni. Mkondo ule ule, uga ule ule, na alama inageuka: ukingo wa mbali ni chanya. Wachukuzi ni chanya. Lakini ndani ya silikoni hakuna chembe chanya inayotembea. Atomu zimekaa pale pale na kinachohama ni elektroni tu. Maelezo ya kawaida ya vitabuni ni kama haya: boroni inaacha nafasi tupu, tundu, na elektroni jirani inaingia humo na kuacha tundu nyuma yake, kama watu waliokaa kwenye safu ya viti wanavyosogea kiti kimoja kimoja na kiti kitupu kikaonekana kinakwenda upande wa pili.

Mfano huo unasaidia, lakini mwanafunzi makini atauona umepwaya, na ni haki yake. Kama kinachosogea kwa kweli ni watu, yaani elektroni, basi sumaku ingesukuma elektroni hizo kuelekea ukingo wa mbali, na ukingo huo ungekuwa hasi kama kawaida. Mfano wa viti unatabiri alama isiyo sahihi. Kitu kile kile kiliwatatiza wanafizikia tangu enzi za Hall, maana baadhi ya metali safi kama zinki zinaonyesha alama chanya, ijapokuwa elektroni ilipogunduliwa mwaka 1897 ilijulikana kuwa hasi. Jibu lilipatikana mwaka 1929, Rudolf Peierls alipotumia nadharia mpya ya kwanta. Elektroni ndani ya kitu kigumu haiko huru; safu za atomu zinazoizunguka zinaijibu. Inapokuwa karibu na kikomo cha juu cha nishati inayoruhusiwa, elektroni ikisukumwa upande mmoja huongeza mwendo upande wa pili. Mkusanyiko wote wa elektroni za namna hiyo, wenye tundu moja ndani yake, hufanya kama chembe moja chanya inayotii sumaku kikamilifu. Tundu basi lina haki ya kuitwa mchukuzi, na ushahidi wake ni ile alama kwenye voltimita.

Kuna mahali kipimo hiki hudanganya, na mtu anapaswa kupajua. Chukua kipande cha jemaniamu chenye matundu mengi, ukipashe joto taratibu huku ukitazama volti ya pembeni. Mwanzoni ni chanya. Joto linapopanda, elektroni nyingi zaidi zinang'oka na kuwa huru, kila moja ikiacha tundu jipya, kwa hiyo sasa kuna wachukuzi wa aina zote mbili. Wote wanasukumwa ukingo ule ule wa mbali, chanya na hasi pamoja, na chaji zao zinafutana. Volti inashuka, inafika sifuri, kisha inakuwa hasi. Katika jemaniamu elektroni ni nyepesi kusogea karibu mara mbili ya matundu, na katika hesabu hii wepesi huo huzidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo alama inageuka kuwa hasi huku matundu yakiwa bado ndiyo mengi. Pale kwenye sifuri, atakayetumia kanuni yetu bila kufikiri atapata idadi ya wachukuzi isiyo na mwisho, ilhali kipande ni kile kile mkononi mwake. Kanuni ile ni ya mchukuzi wa aina moja.

Ukiigeuza kanuni, ukawa unajua n, volti ya pembeni inakupa nguvu ya sumaku. Ndivyo vinavyofanya kazi vihisi vidogo vyenye miguu mitatu vilivyomo ndani ya mota ya gurudumu ya pikipiki nyingi za umeme. Kwa kawaida huwa vitatu, na kazi yao ni kuiambia kontrola sumaku za gurudumu zimefika wapi ili iwashe koili inayostahili. Kihisi kimoja kikifa, mota huanza kwa kutetemeka au hukataa kuondoka, na fundi humpata mgonjwa kwa kuzungusha gurudumu polepole kwa mkono huku akipima volti ya kila waya wa ishara: mzima hupanda na kushuka, mfu hubaki pale pale.

Na kwa anayefanya kipimo chenyewe darasani au maabarani: usiandike volti peke yake. Andika unene wa kipande, joto la chumba, mkondo ulikwenda upande gani, sumaku ilielekea wapi na waya mwekundu ulikuwa ukingo upi. Bila mambo hayo ukubwa hauna maana, na alama haiwezi kusomeka na mtu mwingine.